Mafua ni ya virusi, chanjo ni ya bakteria: inamkingaje bibi na mjukuu?

*Daktari, nipo Mafinga. Mama yangu ana miaka 71 na ana kisukari. Mwaka jana mwezi wa saba alishikwa na mafua makali, akapata nafuu, halafu wiki ileile akalazwa kwa nimonia. Sasa baridi imeanza tena, na nyumbani tuna mtoto wangu wa miezi minne na nusu. Kwenye kadi ana chanjo mbili za nimonia, ya tatu alikosa. Nimeshauriwa mama naye achanjwe. Kinachonichanganya ni kwamba mafua ni ya virusi na chanjo hiyo ni ya bakteria. Inazuia nini hapo? Na nianze na nani?*

Anza na mtoto, kesho asubuhi, kwa sababu dozi yake ipo kituoni na hailipiwi. Mama afuate wiki hizihizi, ila kwake kuna uamuzi kidogo wa kufanya kuhusu chanjo ipi.

Tuliweke sawa neno kwanza. Kwetu "mafua" ni kila pua inayotiririka. Ninayoizungumzia hapa ni homa ya mafua yenyewe, ile inayoanza ghafla kwa homa kali, kichwa, viungo kuuma na kikohozi kikavu, ikamlaza mtu mzima kitandani siku tatu au nne. Hiyo ndiyo inayofungua mlango wa nimonia kuliko mafua ya kawaida.

Mtiririko ulioueleza, kuugua, kupata nafuu, kisha kuanguka tena, ndio mtiririko wa nimonia ya bakteria iliyopanda juu ya homa ya mafua. Bakteria anayeongoza katika jambo hili anaitwa nimokokasi, na mara nyingi hatoki mbali. Hukaa puani na nyuma ya koo la watu wazima wa afya bila kuwafanya lolote. Kwa watoto wadogo ndiyo kambi yake kuu: mahali pengi Afrika ambako watoto hawajachanjwa, zaidi ya nusu ya walio chini ya miaka miwili hukutwa naye puani. Kwa hiyo bibi na mjukuu wanaolala chumba kimoja wakati wa baridi wanagawana zaidi ya blanketi.

Siku zote bakteria hawa hushuka kidogo kidogo kuelekea mapafuni, na siku zote hurudishwa. Njia ya hewa imetandazwa vinyweleo vidogo mno vinavyopepea kuelekea juu, vikisukuma ute pamoja na kila kilichonasa humo mpaka kooni, ukameza bila kujua. Kirusi cha homa ya mafua huzaliana ndani ya seli hizohizo zenye vinyweleo na kuziua. Ufagio unavunjika, ute unatuama, na bakteria aliyeshuka usiku anabaki kulekule chini.

Halafu kuna mambo mawili yanayozidisha. Kirusi hukata sukari zilizo juu ya seli ili virusi vipya vipate kutoka. Kule kukata kunaacha uwazi ambapo bakteria anashika vizuri, na sukari iliyokatwa inakuwa chakula chake. Pili, mwili unapopigana na kirusi hutoa kemikali za tahadhari ambazo, pamoja na faida zake, hulegeza kwa muda seli zinazomeza bakteria ndani ya mapafu. Ulegevu huo hufikia kilele karibu na mwisho wa wiki ya kwanza, yaani wakati homa imeshuka na mgonjwa anasema sasa nimepona, nipeni chai. Ndiyo maana mama yako alilazwa baada ya nafuu. Mlipuko mkubwa wa mwaka 1918 uliua kwa njia hiyo: watafiti waliochunguza upya vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa walikuta wengi wa waliokufa walikuwa na nimonia ya bakteria juu ya homa ya mafua.

Sasa chanjo inaingia wapi. Haimgusi kirusi hata kidogo. Mama aliyechanjwa dhidi ya nimokokasi anaweza kupata homa ya mafua kama jirani yake. Kinachokatwa ni hatua ya pili. Nimokokasi amevaa koti la sukari linaloteleza, na seli nyeupe ikitaka kummeza inamkosa. Chanjo hufundisha mwili kutengeneza kingamwili zinazoling'ang'ania koti hilo, kama mpini uliopachikwa kwenye kitu kisichoshikika. Hapo hata seli zilizolegezwa na kirusi zinapata pa kumshikia. Isitoshe, chanjo ya watoto hupunguza bakteria wa aina hizo puani kwenyewe, kwa hiyo mafua yanapokuja, wanaosubiri mlangoni ni wachache.

Hili si la kukisia. Katika jaribio lililofanyika Soweto, Afrika Kusini, kwa watoto wapatao 40,000, nusu walipewa chanjo ya nimokokasi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba waliochanjwa walilazwa kwa nimonia yenye virusi ndani yake pungufu kwa asilimia 31. Fikiria maana yake: walipimwa wakakutwa na kirusi, ikiwamo cha homa ya mafua, na bado chanjo ya bakteria ilikuwa imewapunguza. Maana yake sehemu kubwa ya kinachoitwa "nimonia ya virusi" kwa watoto ni kirusi na bakteria waliofanya kazi pamoja, ila maabara imemwona mmoja.

Makoti ya nimokokasi yako zaidi ya aina 100, na kila chanjo huchagua yanayosumbua zaidi. Tarakimu iliyo kwenye jina ndiyo idadi ya makoti: PCV13 ina 13, PCV20 ina 20, PPSV23 ina 23. Mtu akiona hivyo husema basi 23 ndiyo bora. Hapana, na hapa ndipo wengi hukosea, hata wauzaji wa dawa.

PPSV23 ni sukari tupu ya koti. Mwili wa mtoto wa chini ya miaka miwili hauijibu sukari tupu, kwa hiyo kumchoma nayo ni kumwumiza bure. Kwa mtu mzima inafanya kazi, hasa kuzuia bakteria asisambae kwenye damu, lakini haimwondoi puani na nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Chanjo za PCV zimefunga sukari hiyo kwenye kipande cha protini. Protini ndiyo inayouamsha mfumo wa kinga ujibu kwa nguvu na ukumbuke, hata kwa mtoto wa wiki sita. Ndiyo sababu kliniki ya watoto haina PPSV23 na haipaswi kuwa nayo.

Turudi nyumbani kwako, tuanze na mtoto. Tanzania ilianza kutoa PCV kwa watoto wote kuanzia mwisho wa mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, na ratiba ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14, siku moja na chanjo ya Penta. Kila dozi ni nusu mililita kwenye msuli wa paja, na Penta huchomwa paja jingine. Chukua mtoto aliyezaliwa tarehe 2 Februari, ndio umri wa wako hivi. Dozi zake zinaangukia 16 Machi, 13 Aprili na 11 Mei. Ukiongeza wiki mbili za mwili kutengeneza kingamwili baada ya ile ya tatu, angekuwa tayari ifikapo 25 Mei, kabla baridi ya Juni haijawafungia wote jikoni. Kukosa ile ya 11 Mei kumempeleka moja kwa moja kwenye msimu akiwa na dozi mbili. Mbili si bure, zinakinga kwa kiasi kikubwa, lakini zikibaki hivyo kinga itakuwa pungufu.

Habari njema ni kwamba haanzi upya. Kinachotakiwa ni angalau wiki nne kati ya dozi na dozi, nazo zimeshapita zamani. Apewe ya tatu tu. Ukifika, angalia kadi mwenyewe: kuna mstari wa Penta na mstari wa PCV, na kila mmoja una nafasi tatu. Huwa inatokea siku chanjo moja imeisha kituoni mtoto akapewa nyingine peke yake, mama akarudi nyumbani akiamini amemaliza. Pua inayotiririka au homa ndogo si sababu ya kumrudisha. Kinachozuia ni mzio mkali uliotokea baada ya dozi ya nyuma. Mtoto mwenye homa kali au aliyezidiwa atibiwe kwanza, achanjwe akipata nafuu.

Linganisha na mtoto wa jirani aliyezaliwa 20 Mei. Dozi yake ya kwanza ni 1 Julai, ya tatu ni 26 Agosti. Baridi yote ya Mufindi inampitia akiwa na kinga nusu, na wiki sita za kwanza hana kabisa ya kwake zaidi ya zile chache alizopewa na mama yake tumboni. Ratiba haiwezi kuharakishwa chini ya wiki sita. Kinachomkinga mtoto huyo ni wakubwa zake waliokamilisha dozi, kwa sababu pua zao hazibebi makoti hayo kwa wingi.

Na kinga hiyo hupanda mpaka kwa bibi. Marekani walipoanza kuwachanja watoto mwaka 2000, idadi ya wazee waliolazwa kwa nimonia nayo ilishuka, wazee ambao wao hawakuguswa na sindano hiyo. Ndiyo maana nilikwambia anza na mtoto: dozi yake ya tatu ni nusu ya chanjo ya bibi yake.

Nusu nyingine ni ya mama mwenyewe. Miaka 71 pamoja na kisukari vinatosha kabisa kuwa sababu. Chanjo ya watu wazima haimo katika ratiba ya kawaida inayotolewa bure, kwa hiyo ulizia kwanza kwa simu katika hospitali kubwa za Iringa, Mbeya au Dar es Salaam, uulize kwa jina la chanjo, maana ukisema "chanjo ya nimonia" tu utajibiwa "ipo" bila kujua ni ipi.

Ukiambiwa ipo PCV20, achomwe mara moja begani, basi, amemaliza. Ikiwa iliyopo ni PCV15 au PCV13, achomwe hiyo, kisha PPSV23 baada ya mwaka mmoja. Ikiwa PPSV23 ndiyo pekee inayopatikana, sitamwambia asubiri baridi ipite akitafuta nyingine. Achomwe hiyo, na baada ya mwaka apate PCV yoyote ikipatikana. Anayetumia dawa za kufubaza VVU, na katika mikoa yetu hao si wachache, au aliye kwenye dawa zinazoshusha kinga, hasubiri mwaka: kati ya PCV na PPSV23 wiki nane zinatosha. Chanjo ya homa ya mafua ikipatikana, inaweza kutolewa siku hiyohiyo kwenye bega la pili. Ile hurudiwa kila mwaka, hii hairudiwi hivyo. Mkono kuuma na homa ndogo ya siku moja au mbili ni kawaida.

Jambo moja naliona likiharibika kimyakimya. Familia inanunua chanjo famasi ya mjini, inaiweka kwenye mfuko wenye barafu, inapanda nayo basi hadi zahanati ya kijijini ili nesi wanayemfahamu aichome. PCV inatakiwa nyuzi 2 hadi 8 na haitakiwi kuganda. Ina chumvi ya aluminiamu inayoshika kiini cha chanjo. Ikiganda, vipande vinajitenga na havirudiani, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Chupa nzuri ikitikiswa huwa nyeupe sawasawa kama maziwa mepesi. Ikibaki na chembechembe au vipande baada ya kutikiswa vizuri, isichomwe. Watu wengi huhofia joto, lakini kwa chanjo hii kugusana na barafu ni hatari kubwa zaidi. Mpeleke mama mahali inapohifadhiwa, achomwe palepale.

Pia usitegemee chanjo iliyochomwa baada ya mafua kuingia. Kingamwili huhitaji wiki mbili hadi tatu, na nimonia huja ndani ya siku saba au kumi. Mama akichanjwa siku ya pili ya homa, amejikinga kwa mafua yajayo, si haya. Vivyo hivyo amoksilini ya dukani inayoanzwa "ili yasishuke kifuani". Haiui kirusi, haizuii nimonia kwa uhakika, na bakteria wanaobaki puani ni wale walioizoea.

Nisikuahidi zaidi ya kilichopo. Huko Uholanzi walichanja kwa PCV13 katika jaribio la wazee zaidi ya 84,000 wenye miaka 65 na kuendelea. Nimonia iliyosababishwa na makoti yaliyomo kwenye chanjo ilipungua kwa karibu asilimia 45, na maambukizi ya makoti hayo yaliyosambaa mwilini, kwa mfano kwenye damu, kwa asilimia 75. Lakini ukihesabu nimonia zote za kila chanzo kwa pamoja, tofauti haikuonekana. Chanjo ilifanya kazi yake, ila nimonia ina wasababishi wengi: makoti yasiyomo, kirusi chenyewe kikishuka mapafuni, na bakteria wengine kama stafilokokasi, ambaye naye hupenda sana kuingia baada ya homa ya mafua. Na moshi wa kuni kwenye jiko lililofungwa madirisha kwa sababu ya baridi hudhoofisha vinyweleo vilevile kabla kirusi hakijafika.

Kwa hiyo hata wakichanjwa wote wawili, mtu wenu akipata mafua hesabuni siku. Mkimwona mama amepata nafuu siku ya nne au ya tano, halafu siku ya sita mpaka ya kumi homa imerudi, anatetemeka, ana kichomi upande mmoja akivuta pumzi, au anatoa makohozi ya rangi ya kutu, huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo. Ila wazee wana ujanja mbaya: wanaweza wasipate homa kabisa. Dalili ya kwanza ikawa kuchanganyikiwa, kuita watu majina yasiyo yao, kukataa chakula, au sukari kupanda ghafla bila sababu. Akivuta pumzi mara 30 au zaidi kwa dakika, msisubiri kukuche.

Kwa mtoto mambo hayaji kwa hatua mbili zinazoonekana wazi. Mara nyingi mafua na nimonia vinaunganika, kwa hiyo usitegemee kuona nafuu katikati. Hesabu pumzi zake. Mfunue kifua akiwa ametulia au amelala, si akinyonya wala akilia, na uhesabu dakika nzima kwa saa ya simu, maana watoto hupumua kwa vipindi na kuhesabu nusu dakika mara mbili hudanganya. Kwa umri wa wako, miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi ni haraka. Chini ya miezi 2 ni 60, na kuanzia mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Ukipata 50, tulia, hesabu tena. Ikirudi ileile, nenda kituoni. Akiwa anabonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa, ameacha kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au amepata degedege, usipoteze muda kuhesabu. Nenda naye, na ubebe kadi, kwa sababu daktari akiona dozi ngapi za PCV na Penta zimeingia anajua ni bakteria gani wa kumshuku kwanza.